Umepewa mada ya ekspoze unayoijua nusu: uanze kusoma wapi?

Kila miezi michache hapa Goma ninafuatwa na mtu mwenye karatasi mkononi. Safari hii ni mwanafunzi, safari ijayo ni mama wa kikundi cha kanisa, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi. Wote wamepewa mada ya kuzungumza mbele ya watu, wanaijua nusunusu, na swali lao ni lile lile: "Nisome nini kwanza?" Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, kwa hiyo leo naliandika.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu mmoja wa Himbi alipewa na chama cha vijana wa kartye yao mada ya "Gesi ya Ziwa Kivu". Alikuwa na dakika 20 za kuzungumza na siku 10 za kujiandaa. Alikuja kwangu siku ya pili, tayari ameshafungua faili 14 kwenye simu, na alikuwa amechanganyikiwa kuliko siku aliyopewa mada.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

Mada yenyewe kama ilivyoandikwa au kusemwa, neno kwa neno. Idadi ya dakika zako, na ujue kama maswali yamo ndani ya dakika hizo au yanakuja baadaye. Namba ya simu ya aliyekupa mada. Karatasi mbili kubwa na kalamu. Mtu mmoja asiyejua mada, atakayekubali kukusikiliza robo saa. Mdogo wako anatosha. Vitabu na simu viweke kando kwanza, utavihitaji kwenye hatua ya 5.

Hatua

1. Mrudie aliyekupa mada, umuulize kilichomfanya aichague.

"Gesi ya Ziwa Kivu" ni jina tu, bado si mada. Ndani yake kuna kemia, kuna volkano, kuna mitambo ya kutoa umeme, kuna mikataba ya nchi mbili, kuna uvuvi wa sambaza. Mtu mmoja hawezi kuyasema yote kwa dakika 20, na hakuna aliyemwomba ayaseme yote. Muulize mambo matatu: watakuja akina nani, ni jambo gani lililowafanya mtake mada hii, na mngependa watu waondoke wakijua nini.

Mwalimu wetu alipiga simu. Jibu la mkuu wa chama lilikuwa fupi: tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama siku tano baadaye, vijana wanaulizana kama ziwa nalo linaweza kulipuka. Wengine wanasema litawaka moto. Wengine wanasema mazuku, ile hewa nzito inayoua mbuzi kandokando ya ziwa, ndiyo gesi hiyo hiyo inayoanza kutoka.

Simu moja ya dakika nne ikaondoa theluthi mbili ya yale faili 14.

*Kosa la kawaida:* kuona aibu kuuliza, ukidhani utaonekana hujui. Aliyekupa mada mara nyingi hajaifikiria zaidi ya jina lake, na atafurahi ukimsaidia kuibana.

2. Mwaga unachokijua kwenye karatasi kabla ya kusoma chochote.

Kaa dakika 15. Eleza mada kwa sauti kana kwamba unamweleza jirani, na kila sentensi iandike. Kisha irudie moja moja ukijiuliza "kwa nini?" Ukiweza kujibu, weka alama ya tiki. Ukiishia "wanasema hivyo", weka duara. Pale ulipokwama kabisa, weka msalaba.

Karatasi ya mwalimu ilikuwa na sentensi tisa. "Chini ya ziwa kuna gesi nyingi": duara, kwa sababu hakuweza kusema kwa nini gesi inakaa chini wakati mapovu yote tunayoyaona hupanda juu. "Mazuku huua": tiki, maana alijua ni hewa nzito inayojaa mabondeni. "Lava ikiingia ziwani, ziwa litawaka": duara. "Kule Kamerun ziwa liliua watu": duara. "Ziwa Kivu litalipuka lini?": msalaba, na huo haukuwa hata sentensi.

Usidharau maduara. Msalaba hauwezi kukudanganya, kwa sababu unajua hujui. Duara ndilo litakalokuangusha mbele ya watu: utalisema kwa ujasiri, kijana wa nyuma atauliza "kwa nini, mwalimu?", na hapo hapo utanyamaza.

3. Andika sentensi moja ambayo msikilizaji ataondoka nayo.

Bado hujasoma, kwa hiyo sentensi hii ni ya muda na utaisahihisha. Lakini lazima iwepo, kwa sababu ndiyo itakayoamua kipi usome na kipi uache. Ya mwalimu ilitoka hivi baada ya kufuta mara tatu:

"Gesi ya ziwa imeyeyuka ndani ya maji ya kina kirefu na imebanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, haitoki mpaka maji yale yapandishwe, na mazuku ni jambo jingine."

Aliisema kwa kubahatisha kidogo. Sawa. Sasa tunajua anachotakiwa kuthibitisha.

4. Chora mishale ya "kwanza ajue nini".

Hapa ndipo swali la "nisome nini kwanza" linapata jibu, kwa hiyo usiiharakishe hatua hii. Chukua karatasi ya pili. Andika vipande vya sentensi yako, kila kimoja ndani ya kiboksi. Kwa kila kiboksi jiulize: ili msikilizaji akielewe hiki, lazima ajue nini kabla? Andika jibu kwenye kiboksi kingine, kisha chora mshale kutoka kile kinachotangulia kwenda kile kinachokitegemea. Endelea hadi ufike kwenye jambo ambalo kila mtu ukumbini analijua tayari.

Kwa mwalimu ilikuwa hivi. Ili mtu aelewe kwa nini gesi haitoki, lazima ajue kwamba mgandamizo huifanya gesi ikae ndani ya maji. Ili aelewe mlipuko unavyoanza, lazima ajue jambo hilo hilo. Ili aelewe yaliyotokea Kamerun, hilo hilo tena. Ili aelewe kwa nini lava ya Nyiragongo ya 2002 iliingia ziwani bila kuliamsha, anahitaji hilo na jingine moja: kwamba maji ya ziwa yamepangana kwa tabaka. Mazuku yenyewe hayakuwa na mshale kutoka kwenye mgandamizo wa maji. Yalisimama peke yake.

Hesabu mishale inayotoka kwenye kila kiboksi. Chenye mishale mingi ndicho cha kusoma kwanza, hata kama hakikuvutii. Hapa kilikuwa mgandamizo, chenye mishale minne. Mwalimu alikuwa ametumia jioni mbili kusoma kuhusu mtambo wa KivuWatt wa upande wa Rwanda, unaochota maji ya chini, kuyatoa methani na kuzalisha megawati 26. Ni habari nzuri, lakini kwenye karatasi yake haikuwa na mshale hata mmoja unaofika kwenye sentensi yake. Akaifuta, kwa uchungu.

*Kosa la kawaida:* kusoma kwa mpangilio utakaozungumzia. Huenda mazungumzo yako yakaanza na mazuku kwa sababu ndiyo watu wanayaona, lakini masomo yako lazima yaanze na mgandamizo. Mpangilio wa kusema na mpangilio wa kujifunza ni vitu viwili.

5. Soma kiboksi cha kwanza mpaka ujibu "kwa nini" mara mbili, kisha simama.

Kipimo ni hiki: mtu akuulize kwa nini, ujibu, aulize tena kwa nini juu ya jibu lako, ujibu, akiuliza mara ya tatu unaruhusiwa kusema "hapo ni kwa mafundi". Zaidi ya hapo unasomea mtihani ambao hakuna atakayekupa.

Mwalimu alianza na chupa ya Fanta. Chupa iliyofungwa haina povu. Gesi imo, lakini imeyeyuka kwenye maji kwa sababu imebanwa. Ukifungua kizibo, mgandamizo unapungua na povu linatoka. Ziwani hakuna kizibo, kuna uzito wa maji. Kila mita 10 za maji zinabana karibu sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu tukiwa usawa wa bahari. Tuite kipimo hicho angahewa moja. Kwenye kina cha mita 300, kwa hiyo, kuna takribani angahewa 30. Ndiyo maana maji ya kule yanabeba gesi ambayo maji ya juu yasingeweza kuibeba.

Hiyo ni "kwa nini" ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyompa kazi ya jioni nzima: kwa nini basi povu halitoki leo? Jibu ni kwamba maji yale hayajajaa. Gesi iliyomo inasukuma kwa nguvu iliyo karibu nusu ya ile ambayo maji ya juu yanaibana nayo, hata pale kwenye kina ambako imekaribia zaidi kujaa. Tukipiga hesabu ya haraka: kama maji ya mita 300 yana gesi inayosukuma kwa angahewa 15, yangelazimika kupandishwa mpaka karibu mita 150 ndipo povu lianze. Likishaanza, povu lenyewe linavuta maji mengine juu, nayo yanatoa povu, na hapo mambo huendelea yenyewe. Ila kupandisha maji mazito kwa mita 150 si kazi ya wimbi wala ya mtumbwi.

Hapo akagundua mahali mfano wa Fanta unapodanganya. Chupa imejazwa gesi hadi juu, ukiigusa tu inatoka. Ziwa halijafika huko. Akaandika pembeni: "Nikitumia Fanta, lazima niseme tofauti hii." Kila mfano una mpaka wake, na ni wewe unayetakiwa kuusema kabla hujaulizwa.

Kiboksi cha pili, tabaka, kilichukua jioni mbili. Maji ya juu, kama mita 60 za kwanza, huchanganyika wakati wa kiangazi kwa upepo. Chini zaidi hayachanganyiki. Chemchemi zenye chumvi huingia kwa chini, na chumvi pamoja na dioksidi ya kaboni huyafanya maji yale kuwa mazito, hata kama yana joto zaidi kidogo kuliko ya katikati. Karibu mita 260 kuna mpaka mkali, na gesi nyingi iko chini ya huo. Sasa lava ya tarehe 17 Januari 2002 ikaeleweka: ilipita katikati ya mji, ikaingia ziwani, ikapasha moto maji ya karibu na pwani, lakini haikuvuruga tabaka za chini. Na kuhusu "kuwaka moto": methani iliyoyeyuka majini haiwaki. Hatari kubwa ya mlipuko wa ziwa ni kukosa hewa, kwa sababu sehemu kubwa ya gesi ni dioksidi ya kaboni.

Kamerun ilipewa jioni moja tu. Ziwa Monoun mwaka 1984 liliua watu 37. Ziwa Nyos, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, liliua zaidi ya 1,700, na wengi walikuwa wamelala. Zinamtosha sentensi mbili, maana kazi yake ni kuonyesha kwamba jambo hili limewahi kutokea. Mazuku nayo jioni moja: dioksidi ya kaboni inayopanda kutoka ardhini kwenye nyufa, nzito mara moja na nusu kuliko hewa, inayotuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Haitoki kwenye maji ya kina. Kwa hiyo mbuzi akifa Bulengo, hiyo si dalili kwamba ziwa linaanza.

6. Kila namba utakayoisema, ujue inapima nini.

Namba chache, lakini uzijue mpaka ndani. Mwalimu alikuja na sentensi hii: "Ziwa lina kilomita za ujazo 300 za dioksidi ya kaboni na 60 za methani, na ziwa lote lina ujazo wa kama 500 hadi 580. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya ziwa ni gesi."

Namba zote ni sahihi, hitimisho si sahihi. Zile 300 na 60 ni ujazo ambao gesi ingeuchukua kama ingetolewa nje, kwenye mgandamizo wa kawaida. Ndani ya maji imeyeyuka, kama sukari kwenye chai. Haichukui nusu ya ziwa. Angalisema vile mbele ya mtu mmoja anayejua, dakika zake 20 zingeisha hapo.

Jambo la pili ni tarehe ya maandishi. Utafiti uliotolewa 2005 ulisema methani ilikuwa imeongezeka kwa hadi asilimia 15 ndani ya miaka 30. Vipimo vipya vilivyotolewa 2020 vilikuta kiasi cha gesi hakijabadilika kwa namna ya kutisha. Maandishi mengi kwenye simu bado yanarudia habari ya 2005 tu. Ukikuta "inaongezeka kila mwaka", angalia imeandikwa lini.

7. Andika mipaka yako, uiseme dakika ya kwanza.

"Leo nitaeleza kwa nini gesi inakaa chini, ni nini kinachoweza kuitoa, na kwa nini mazuku ni kitu kingine. Sitazungumzia umeme wala mikataba." Akisema hivyo mwanzoni, mtu akiuliza habari ya mikataba hatamwona amekimbia. Kwa swali la "litalipuka lini", aliandaa jibu la kweli: hakuna tarehe, kinachofanyika ni kupima, na wanaofuatilia volkano na ziwa hapa Goma ni Kituo cha Volkano, OVG. Hilo linatosha.

8. Jaribu mbele ya mtu asiyejua, ukiwa na saa.

Fanya hivi siku tatu kabla, usingoje usiku wa mwisho. Mwalimu alimkalisha mdogo wake wa kidato cha pili. Dakika 31. Alipomwambia arudie alichoelewa, mtoto alisema, "Yaya, umesema Fanta na umesema Kamerun." Mgandamizo haukubaki kichwani mwake. Basi Kamerun ikakatwa mpaka sentensi mbili, chemchemi za chumvi zikabaki sentensi moja, na hesabu ya mita 300 na 150 ikachorwa ubaoni badala ya kusemwa. Mara ya pili: dakika 19.

Mambo yakienda kombo

*Aliyekupa mada anakataa kuibana, anasema "zungumza yote".* Usibishane. Chagua swali moja ambalo wasikilizaji wenyewe wanaulizana, mengine yataje kwa dakika moja mwishoni. Hakuna aliyewahi kunilalamikia kwamba mzungumzaji alieleza jambo moja wakaelewa.

*Kila unachosoma kinakutaka usome kingine kabla.* Unashuka kisimani. Ruhusu ngazi mbili chini ya sentensi yako, basi. Mwalimu alitaka kuanza kusoma sheria ya kemia ya jinsi gesi inavyoyeyuka kwenye vimiminika; hiyo ilikuwa ngazi ya tatu, na chupa ya Fanta ilikuwa imeshafanya kazi hiyo.

*Maandishi mawili yanapingana.* Kwanza angalia kama yanapima kitu kile kile, kisha tarehe. Kama bado yanapingana na namba hiyo haina mshale wa kwenda kwenye sentensi yako, iache. Kama ina mshale, sema zote mbili pamoja na miaka yake.

*Zimebaki siku mbili.* Fanya hatua ya 1 hadi ya 4 jioni ya leo, zitachukua saa mbili. Kesho soma kiboksi kile kimoja chenye mishale mingi, basi, ujaribu usiku. Omba mada yako ipunguzwe hadi dakika 10.

*Kumbe fundi mwenyewe yumo ukumbini.* Ilimtokea mwalimu: mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kupima ziwa alikaa mstari wa pili. Alipofika kwenye mpaka wa mita 260 alimgeukia: "Papa, hapa nisahihishe nikikosea." Mzee akatikisa kichwa kwamba yuko sawa, akaongeza habari ya ghuba ya Kabuno, ambako dioksidi ya kaboni iko karibu sana na juu, kama mita 11 au 12 tu. Mwalimu alikuwa hajawahi kuisikia. Aliiandika ubaoni hapo hapo, pembeni mwa mchoro wake, akaendelea.